Aliyefia Hatua ya Saba: Misemo ya Klabu ya Sataranji



Walimu wa klabu ya sataranji inayokutana kila Jumamosi baada ya Alasiri katika chumba cha maktaba ya madrasa yetu waliniomba niwapangie misemo ya kubandika ukutani. Walikuwa wamekwisha kubandika kadhaa, yote ya wahenga wetu: Haraka haraka haina baraka, Tahadhari kabla ya hatari, Kukosa si kosa, kosa ni kurudia kosa, na mingine ya namna hiyo, kwa hati nzuri ya mkono wa binti mmoja wa darasa la juu. Nikaenda kuketi nao Jumamosi tatu mfululizo kabla ya kuandika neno lolote, kwani msemo ni kama dawa: humpi mtu kabla ya kumtazama ulimi.

Nilichokiona Jumamosi ya kwanza ni hiki. Mtoto anainua farasi wake, anaambiwa na mwenzake, "Haraka haraka!", naye anaitikia kwa sauti, "Haina baraka!", na papo hapo anamtua farasi mahali pa kuliwa. Msemo aujua, tena kwa mahadhi. Wakati mwingine alikuwa akingoja kweli, akihesabu kimoyomoyo kama mtu anayengoja chai ichemke, kisha anacheza hatua ile ile aliyokusudia tangu mwanzo. Wahenga walimwambia asubiri. Hawakumwambia afanye nini wakati anasubiri. Mkulima na nahodha hawakuhitaji kuambiwa, maana kazi yao iliwajulisha cha kutazama: huyu mawingu, yule maji. Mtoto aliye mbele ya ubao wenye nyumba 64 hajui atazame wapi. Ndipo nikaona kwamba kila msemo wa klabu hii lazima ufuatane na kazi ya kufanywa kwa macho.

Najua wako wasomaji ambao wamekwisha kukunja uso kwa kuuona mchezo huu ukitajwa katika jarida letu. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu huku pwani, kauli iliyo mashuhuri ni kwamba sataranji ni makuruhu, maadamu haina kamari, haina matusi, wala haimpitishi mtu wakati wa swala. Madhehebu mengine yamekaza zaidi mpaka kuharamisha. Mzazi anayeshika kauli hiyo ya pili hana lawama kwetu. Klabu yetu haichezi kwa dau hata la peremende, na ubao hufungwa robo saa kabla ya Magharibi, mchezo uwe umekwisha au haujesha. Na kwa kuwa tunazungumza habari ya kufikiri, niongeze kwamba imepokewa kuwa Said bin Jubayr, yule tabiina mwanachuoni mkubwa, alikuwa akicheza huku ameupa ubao mgongo. Mtu wa namna hiyo mkono wake hauwezi kuitangulia akili, kwani mkono haukifikii kitu.

Sasa turudi ukutani. Msemo wa kwanza niliowapa ni huu: Kila hatua ni barua, isome kabla ya kuijibu. Maana yake si kutulia tu. Mpinzani anapocheza, amekuletea ujumbe, nao una maswali matatu ndani yake. Je, kutoka hapa anaweza kumtisha mfalme wangu? Je, kuna kete yangu anayoweza kuila? Je, kete aliyoisogeza imefungua njia gani, na imeiacha nyumba gani bila mlinzi? Mtoto ayatazame hayo upande wa mpinzani kwanza, kisha ndipo aje kwenye shauri lake mwenyewe. Walio wengi hufanya kinyume: wamekwisha kujua watakachocheza kabla mwenzao hajauondoa mkono kwenye kete, na hatua ya mwenzao huwa kwao kama gari lililopita barabarani.

Katika mashindano rasmi kuna kanuni inayoufanya msemo huu uwe na makali. Kete ukiigusa kwa kukusudia, lazima uicheze ikiwa ina pa kwenda kihalali. Na kete ya mwenzio ukiigusa, lazima uile ikiwa yaweza kuliwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Zamani walimu wengine wa mchezo huu waliwafundisha wanafunzi kuiandika hatua kwenye karatasi kwanza, wakaiweka kalamu chini, wakautazama ubao upya kama mtu mgeni, kisha ndipo wakaicheza. Ilikuwa tiba nzuri. Lakini tangu mwaka 2005 kanuni za shirikisho la dunia la mchezo huu, FIDE, zinamtaka mchezaji acheze kwanza ndipo aandike, kwa sababu karatasi haifai kuwa daftari la kujikumbusha. Kwa hiyo sisi huruhusu kuandika kwanza kwa watoto wanaoanza tu, tena katika mazoezi, na wakikaribia mashindano huachishwa. Badala yake wanafundishwa kukalia mikono. Nasema kukalia hasa, viganja chini ya mapaja. Mama mmoja alipoliona hilo mlangoni alidhani watoto wameadhibiwa.

Msemo wa pili ndio uliokuwa na kisa kirefu, nami nitakieleza kwa utulivu, hata kwa wasiojua mchezo. Niseme kwanza majina tuyatumiayo. Kuna mfalme, malkia, ngome na farasi. Ile kete ambayo Waingereza huiita askofu, Waarabu huiita fili, yaani ndovu, nasi tumeshika ndovu. Wale wadogo wanane wa mbele ni vitunda, askari wa miguu. Safu za kwenda juu zina herufi, a mpaka h; za ubavuni zina nambari, 1 mpaka 8. Weupe hukaa chini, kwenye 1 na 2. Weusi juu, kwenye 7 na 8.

Kulikuwa na mashindano madogo kati ya madrasa yetu na madrasa nyingine. Binti yetu mmoja, wa miaka kumi na mmoja, mwenye bidii kuliko wote, alicheza na weusi dhidi ya kijana mdogo kwake. Alishindwa kwa hatua saba. Ukumbi mzima ulikuwa bado haujatulia kwenye viti, yeye amekwisha. Alilia, akamwambia mamake, "Nimemla malkia wake, kisha nimekufa mimi," na Jumamosi iliyofuata hakuja. Iliyofuata tena aliletwa, akaketi nyuma, hakutaka kugusa kete. Bahati njema ni kwamba alikuwa ameiandika michezo yake yote, na karatasi ile mwalimu alikuwa ameihifadhi.

Mchezo wenyewe ulikwenda hivi. Kijana alisogeza kitunda cha mfalme hadi e4, binti akamkabili kwa kitunda cha e5. Kijana akatoa farasi hadi f3, akikitishia kitunda cha e5. Binti akakilinda kwa kitunda cha d6. Kijana akatoa ndovu hadi c4, akiilenga nyumba ya f7, ambayo mwanzoni mwa mchezo hailindwi na yeyote ila mfalme mwenyewe. Binti naye akatoa ndovu hadi g4. Hapo alikusudia jambo jema: ndovu wake alimkabili farasi wa f3, na nyuma ya farasi huyo, kwenye d1, alikuwa malkia mweupe. Farasi akiondoka, malkia ataliwa. Akaona amemfunga farasi.

Hatua ya nne, kijana alitoa farasi wa pili hadi c3. Binti akasukuma kitunda hadi g6, akijiandalia nyumba ya ndovu wake mwingine. Hatua ya tano, yule farasi aliyedhaniwa amefungwa akaruka, akala kitunda cha e5, malkia wake akabaki wazi. Binti hakungoja. Alimla malkia. Hatua ya sita, ndovu mweupe akala f7 na kumtisha mfalme. Mfalme hakuweza kumla ndovu, kwa sababu farasi wa e5 alimlinda. Alikuwa na nyumba moja tu ya kukimbilia, e7. Hatua ya saba, farasi wa pili akaruka kutoka c3 hadi d5. Mati. Mfalme amezungukwa na watu wake mwenyewe, malkia wake kushoto, ndovu wake kulia, kitunda chake mbele, na kila upenyo uliobaki unalindwa na mmoja wa wale watatu weupe.

Mtego huu ni mkongwe. Una jina la Légal, Mfaransa wa karne ya 18, mwalimu wa Philidor aliyekuja kuwa mchezaji mashuhuri wa zama zake. Nilimweleza binti kwamba aliyenaswa mara ya kwanza kule Paris alikuwa mtu mzima. Akaniuliza, "Naye alilia, sheikh?" Nikamwambia habari hiyo haikuandikwa.

Basi tukaupanga ubao upya, watoto wote wakazunguka, tukaanza kuutafuta ugonjwa. Swali likawa: mchezo huu ulipotea wapi? Wote kwa pamoja walipaza sauti: alipomla malkia! Mmoja akakimbilia ukutani akaonyesha karatasi ya Tamaa mbele, mauti nyuma. Hapo ndipo msemo mzuri unapoweza kuwa pazia. Ni kweli kwamba kumla malkia ndiko kulikomuua. Lakini mwalimu aliwaambia wamrudishe malkia, na binti acheze kitu kingine katika hatua ile ile ya tano. Wakafikiri, wakaona amle farasi wa e5 kwa kitunda chake cha d6. Vyema. Je, weupe watafanya nini? Malkia wa d1 sasa njia yake i wazi: anamla ndovu wa g4. Tukahesabu kwa vidole. Weupe wamepoteza farasi. Weusi wamepoteza ndovu na kitunda. Farasi na ndovu huwekwa takriban kwa thamani moja, kwa hiyo binti amebaki na deni la kitunda kimoja, tena bila kumla malkia, bila tamaa yoyote. Wakajaribu kumrudisha ndovu nyuma badala ya kumla farasi. Kitunda cha e5 kimekwisha kuliwa, deni ni lile lile.

Chumba kilinyamaza. Kumbe hatua ya tano haikuwa na hatua ya kuokoa kila kitu. Tamaa ilifanya hasara ya kitunda iwe kifo, lakini hasara yenyewe ilikuwa imekwisha kuingia nyumbani kabla ya tamaa kubisha hodi. Ikabidi turudi nyuma hatua moja, kwenye g6, hatua ambayo hakuna aliyeishuku kwa kuwa ilikuwa ya kimya na ya adabu. Hapo nikawapa msemo wa pili: Aliyefia hatua ya saba aliugua hatua ya nne.

Huu ndio msemo ninaoutetea kuliko yote, kwa sababu watu wazima nao hawausomi mchezo waliopoteza ila kwenye ukurasa wake wa mwisho. Mtoto akishindwa hukumbuka pigo la mwisho, maana ndilo liliuma. Nalo mara nyingi halina la kumfundisha, kwa kuwa lilikuwa haliepukiki. Njia tuliyoifuata ni nyepesi: shika hatua ya mwisho, uliza kama kulikuwa na nyingine iliyokuwa njema. Ikiwa haikuwapo, rudi hatua moja nyuma, uulize tena. Pale unapokutana kwa mara ya kwanza na hatua nyingine ambayo ingekuacha salama kabisa, hapo ndipo mahali pa kutia alama nyekundu. Hatua ya saba haikuwa na uchaguzi, mati ni mati. Ya sita ilikuwa na nyumba moja tu. Ya tano ilikuwa na uchaguzi kati ya kifo na deni. Ya nne ilikuwa huru.

Sasa swali likawa, binti angejuaje kwenye hatua ya nne? Tukaisoma ile barua ya farasi wa c3 kwa maswali yetu matatu. Weupe wanaweza kumtisha mfalme? Ndiyo, kwa njia mbili: ndovu kula f7, au ndovu kwenda b5. Wanaweza kula nini? Kitunda cha e5, kwa farasi wa f3. "Lakini huyo amefungwa!" binti akasema, na hili lilikuwa neno lake la kwanza tangu aingie. Mwalimu akamwuliza: amefungwa na nani? Hapa pana tofauti ambayo kila mchezaji lazima aijue. Farasi akiwa amesimama mbele ya mfalme wake, hawezi kuondoka. Kanuni yenyewe inamkataza, kwa sababu mfalme hawezi kuachwa katika hatari. Huyo amefungwa kwa sheria. Lakini akiwa amesimama mbele ya malkia, hakuna kanuni inayomzuia. Kinachomzuia ni hofu ya mwenyewe kumpoteza malkia. Huyo amefungwa kwa hofu tu, na siku mwenye malkia atakapopata kitu kilicho bora kuliko malkia, hofu itaondoka na farasi ataruka. Binti alimtegemea farasi aliyefungwa kwa hofu kana kwamba amefungwa kwa sheria.

Watoto wakaanza kutafuta hatua bora kuliko g6. Mvulana mmoja akapendekeza farasi mweusi atoke hadi c6. Tukajaribu. Farasi mweupe anaruka na kula e5 kama kwanza. Sasa farasi wa c6 anamla yeye, na akiwa pale e5 anamlinda ndovu wa g4. Malkia mweupe akimla ndovu, ataliwa na farasi. Weupe wamepoteza farasi kwa kitunda kimoja, na mtego umemgeukia mtegaji. Lakini mwalimu akauliza: na kama bado weusi watamkimbilia malkia badala ya kumla farasi? Tukacheza: mati ile ile, hatua zile zile. Kwa hiyo c6 ilimpa mlinzi, lakini haikumzuia mwenye pupa.

Ndipo binti akasogea mbele, akamchukua farasi wa upande wa pili akamweka f6. Hakusema kitu. Tukajaribu, na kila aliyekuwa mle chumbani akaona. Farasi wa f6 anamlinda ndovu wa g4, kwa hiyo kitunda cha d6 kikimla farasi mweupe, malkia hawezi kumla ndovu bure. Na hata mtu akishikwa na tamaa akamla malkia, ndovu mweupe atakula f7, mfalme atakwenda e7, farasi mweupe ataruka d5, naye farasi wa f6 atamla. Hakuna mati. Kete moja, kazi mbili. Alilipata mwenyewe, katika mchezo uliokuwa umemfanya asitake kurudi.

Jambo moja zaidi katika kisa hiki linawahusu walioshinda. Yule kijana alicheza vizuri, mtego wake ulikuwa wa haki, maana dhidi ya g6 weupe hupata faida hata mpinzani asiponasa. Lakini mtoto anayeshinda kwa mtego huchukua mtego peke yake nyumbani. Mwezi ujao atakutana na mtu ambaye farasi wake amekwisha kutoka, ataruka vile vile, na atapoteza farasi wake kwa kitunda. Katika baadhi ya mapokezi ya ule mchezo wa Légal, farasi mweusi alikuwa tayari yuko c6, na mpinzani alikuwa na jawabu mkononi. Aliyempa Légal ushindi siku hiyo ni pupa ya mwenzake, si usahihi wa hesabu yake. Kwa hiyo mchezo ulioshinda nao hubidi usomwe, japokuwa sijapata mtoto anayelifanya hilo kwa furaha.

Kutokana na kisa hicho walimu waliubadilisha mahali msemo wa Tamaa mbele, mauti nyuma. Hawakuuondoa. Waliongeza chini yake maneno madogo: Cha bure kina mwenyewe. Mtoto akionyeshwa kete ya bure, hasa kubwa, hiyo ndiyo alama ya kusimama na kuuliza mwenyewe alikuwa wapi alipoiacha. Mara nyingi jawabu litakuwa kwamba mwenzake amesahau tu, na hapo aile kwa bismillahi. Kuna watoto waliokuwa wameanza kuogopa kila kitu cha bure, wakaacha hata ngome zilizosahauliwa, na huo nao ni ugonjwa.

Nimeuacha kwa makusudi upande wa pili wa wahenga wetu, maana hawakusema haraka haraka haina baraka peke yake. Walisema pia, Ngoja ngoja huumiza matumbo. Watu huona hii ni kujipinga, lakini mbele ya saa ya sataranji misemo hii miwili hukaa pamoja bila ugomvi. Klabu yetu humpa kila mchezaji dakika 30 kwa mchezo mzima. Mchezo wa hatua 40 maana yake ni sekunde 45 kwa kila hatua, kama angezigawa sawa. Asizigawe sawa. Kuna hatua ambazo hazihitaji hata sekunde kumi, kwa mfano pale kete inapoliwa na kuna njia moja tu ya kuirudishia. Kuna hatua moja au mbili katika mchezo ambazo zinastahili dakika tano nzima, na alama yake ni kwamba kete za pande mbili zimegusana na mtu anaweza kuanza kula. Binti wetu, kwa ushahidi wa mwalimu aliyesimama karibu, alimla malkia upesi kuliko alivyosukuma kitunda chake cha kwanza. Saa yake ilibaki na dakika 27 ambazo hazikumsaidia kitu. Na wiki hiyo hiyo mvulana mwingine, anayefikiri kila hatua kama mtu anayegawa mirathi, alipoteza mchezo aliokuwa ameushika kwa sababu saa ilimwishia. Msemo wa ngoja ngoja tumeuweka kwenye meza ya saa, mbali na ile mingine.

Misemo hii ina mpaka wake. Mtoto anayepambana na mtu aliyemzidi kwa miaka mitano ya mazoezi atashindwa kila hatua kidogo kidogo, bandu bandu, na akirudi nyuma kutafuta ilipougua hataiona, kwa kuwa jicho lake bado halijafika huko. Michezo kama hiyo tunaiweka kwenye faili bila kuisoma. Baada ya mwaka huifungua wenyewe na kushangaa. Unaofaa kusomwa sasa ni ule aliopoteza kwa mtu wa kiasi chake, na ambao anadhani anajua kwa nini aliupoteza.

Mama zetu wameniuliza watasaidiaje nyumbani na wao hawaijui hata ngome na mfalme. Inahitajika daftari moja na swali moja. Mtoto akirudi, asiulizwe kwanza kama ameshinda; aulizwe kama ameandika. Karatasi isipokuwa na maandishi, mchezo umepotea mara mbili. Kisha aombwe aupange ubao na kuuchezesha mbele ya mamake, na kila anapofika kwenye hatua ya mpinzani, mama aulize tu: huyu hapa alitaka nini?

Mama wa yule binti, anayeuza mahamri asubuhi na ambaye hajapata kugusa kete maishani mwake, ameniambia kwamba alimwuliza hivyo juzi baada ya Isha, katika mchezo mwingine, kwenye hatua ya kumi na mbili. Binti alifungua mdomo kujibu, akaufunga, akaviweka viganja vyake chini ya mapaja. Mama akaendelea kukanda unga wa kesho yake, na unga ulikuwa umekwisha kufunikwa kabla hajajibiwa.